Sukari ya asubuhi haikwambii ya mchana

Kila asubuhi napima sukari ya damu nakuta 6. Ya nini nipime tena?

Hiyo 6 inaeleza usiku wako tu. Kabla ya kula, wagonjwa wetu wengi wa kisukari walio watu wazima tunataka wawe kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L, kwa hiyo usiku umepita vizuri. Ya sahani ya mchana haiyajui. Narudia: haiyajui.

Mzee mmoja alikuja na daftari safi: 6.2, 5.9, 6.4, zote za alfajiri. Lakini analalamika kiu na nyayo kuwaka moto. Tukamwambia apime saa mbili baada ya chakula cha mchana, akakuta 15.1. Sahani ilikuwa mlima wa ugali, maharage kidogo, na soda pembeni. Akaacha soda, ugali akaupunguza hadi ukubwa wa ngumi yake, mchicha ukajaza nafasi. Siku ya tatu akakuta 9.3, na dawa hatukuigusa.

Saa mbili nahesabu nikishamaliza kula?

Hapana, tangu tonge la kwanza. Ukianza saa saba, pima saa tisa. Tunataka iwe chini ya 10. Ila pima pia kabla ya mlo huohuo, maana jibu liko kwenye tofauti. Ukitoka 6 ukafika 14, kosa liko sahanini. Ukitoka 11 ukafika 13, chakula hakina kesi kubwa. Sukari ilikuwa juu kabla hujanawa, na hapo dawa ndiyo ya kuangaliwa. Nawa kwa sabuni na ukaushe. Kidole chenye maji ya embe kinasoma embe.

Usiku nimechoka, si nilale tu?

Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, usilale kabla ya kupima, hasa siku uliyokula kidogo au uliyolima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia. Ikishapanda, kula kitu, hata kipande cha mkate. Ikiwa 4 na pointi au 5, kula kidogo pia; usiku ni mrefu na insulini haisinzii. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Lakini asubuhi iko sawa, na mimi najisikia sawa.

Yule mzee naye asubuhi ilikuwa sawa. Tafadhali, asubuhi peke yake haitoshi. Na ninyi mnaojinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze: tunachoma kidole, tunaona 5.8, dawa tunaiacha ilivyo, nanyi mnarudi nyumbani kwenye 15 zenu. Kipimo cha HbA1c kinasoma wastani wa sukari ya takribani miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo tunawajua.