Wito wa hatua: maneno ya mwisho ya hotuba

Wito wa hatua ni sentensi, au sentensi mbili tatu, zinazomwambia msikilizaji afanye nini baada ya hotuba, wapi na lini. Mahali pake ni mwishoni kabisa. Hotuba nyingi zetu, hata zile zilizoandaliwa vizuri, hapo mwishoni huwa na maneno mengine: "Kwa hayo machache, naomba niishie hapo. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza." Watu wanapiga makofi, wanainuka, na lile lililomleta msemaji halijadaiwa kwa mtu yeyote.

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Waliwapa vijitabu kuhusu pepopunda na kuwahimiza wachanjwe. Vingine vilitisha sana, vingine kidogo. Baadhi ya wanafunzi waliongezewa maelekezo: ramani ya chuo yenye alama kwenye kituo cha afya, saa za chanjo, na ombi la kuangalia ratiba zao na kuchagua muda wa kwenda. Katika waliopata maelekezo hayo, takriban asilimia 28 walikwenda kuchanjwa. Katika waliohimizwa bila maelekezo, ni kama asilimia 3 tu. Kutisha peke yake kulibadili walivyosema kuhusu chanjo, lakini hakukuwafikisha kituoni. Na kumbuka hawa ni watu waliokuwa wamekaa chuoni hapo kwa miaka, si wageni wa kupotea njia.

Kwa hiyo kinachokosekana mwishoni mwa hotuba mara nyingi si hamasa. Msikilizaji amekubali, ila hajaoneshwa pa kuanzia.

Tuchukue muuguzi anayezungumza na wanachuo kuhusu kuchangia damu. Ameeleza vizuri: mama anayevuja damu wakati wa kujifungua, mtoto mwenye upungufu wa damu kwa malaria, majeruhi wa ajali. Kisha anamaliza hivi: "Damu ni uhai. Ni wajibu wetu sote kushirikiana. Namshukuru mkuu wa chuo, nawashukuru walimu, na ninyi nyote ahsanteni." Neno "sote" hapo linampa kila aliyekaa ukumbini ruhusa ya kumtazama jirani yake. Na shukrani zimeshaashiria kwamba shughuli imekwisha, hivyo masikio yamefungwa.

Sasa asipunguze adabu. Apange upya tu. Shukrani azitoe mapema, kabla ya kufikia ombi, kwa majina na vyeo kama desturi inavyotaka. Kisha aseme:

"Nina ombi moja. Kama umetimiza miaka 18, una kilo 50 au zaidi, na umekula asubuhi hii, ukitoka hapa pitia hema jeupe lililo nyuma ya ukumbi. Wenzangu wapo pale hadi saa kumi jioni. Watakupima kwanza, na ukiwa salama kuchangia, utatoa damu leo hii. Karibuni hemani."

Kisha aketi. Anayefaa amejitambua, anajua pa kwenda na saa ya mwisho, na ombi ni moja. Akiongeza "na pia mjiunge na klabu yetu, na mtufuate mitandaoni", atawapa wasikilizaji jambo jepesi la kufanya badala ya lile zito alilolitaka, na wengi watachagua hilo jepesi.

Kuna mtego wa maswali. Ratiba nyingi huweka maswali baada ya hotuba, hivyo neno la mwisho hugeuka jibu la swali la pembeni. Msemaji amwombe mshereheshaji dakika moja baada ya maswali, atoe ombi lake hapo. Mtego mwingine ni muda: mwenyekiti akionesha saa, watu hukata mwisho na kukimbilia ahsante. Ni afadhali kukata mfano mmoja katikati. Sentensi za wito zikaririwe neno kwa neno, ili zisitegemee muda uliobaki.

Utajua kama wito umefika kwa kusikiliza maswali ya watu wakitoka. Wakiuliza "sasa sisi tufanyeje?", haukufika. Wakiuliza "nilichangia mwezi uliopita, naweza tena leo?", umefika, kwa sababu tayari mtu anajipima dhidi ya ombi lenyewe. (Huyo ataambiwa asubiri: mwanaume hukaa angalau miezi mitatu kati ya kuchangia mara moja na nyingine, mwanamke minne.)

Si kila hotuba inahitaji haya. Salamu za rambirambi, neno la mzazi harusini, hotuba ya kumuaga mstaafu: hapo shukrani ndiyo shughuli yenyewe, na kuiacha iwe ya mwisho ni sawa kabisa.