Tangazo Limeuliza, Barua Ijibu

Kabla sijafungua barua yoyote ya maombi ya kazi, huchora jedwali: kila swali lililoulizwa kwenye tangazo nalitengea safu yake. Ninaposoma natafuta cha kujaza humo. Safu ikibaki tupu, barua inakwenda kwenye fungu la pili, na fungu la pili hufunguliwa tu la kwanza lisipotosha.

Wengi huanguka kwenye kuhesabu. Chukua tangazo la mtunza ghala linalosema: "Katika barua yako eleza umesimamia ghala la ukubwa gani na kwa muda gani, kama umewahi kutumia mfumo wa kompyuta wa ghala, unatarajia mshahara kiasi gani na unaweza kuanza lini." Ukilisoma haraka unaona maswali manne. Yako matano, kwa sababu ukubwa na muda ni mambo mawili. Mwombaji huandika "nina uzoefu wa miaka minne" akadhani amemaliza, kumbe ukubwa haujaguswa. Yakate maswali kila penye "na" au "pia", uyaandike mstari kwa mstari, kisha uyajibu kwa mpangilio uleule mara baada ya aya ya utangulizi. Tangazo likiyapa namba, nawe zitumie.

Jibu la kwanza na la pili linaweza kukaa pamoja: "Kwa miaka minne nimesimamia ghala lenye aina 600 hivi za bidhaa, nikiwa na wasaidizi wawili." Kuandika "tazama wasifu wangu" si kujibu, mchujaji ana barua mkononi, wasifu hajaufikia.

Swali la mfumo ndilo hurukwa zaidi, kwa kuwa jibu la kweli ni hapana. Liandike hivyohivyo, kisha utaje kilicho karibu nalo: "Mfumo wa ghala sijautumia. Kumbukumbu nilizitunza kwenye leja, na mwaka wa mwisho kwenye Excel, nikilinganisha salio na bidhaa zilizopo kila mwisho wa mwezi." Hapo napata cha kuandika. Ukinyamaza, nami naandika hapana, tena bila hayo mengine. Ila kama tangazo limesema mfumo huo ni sharti, jibu hili halitakuokoa.

Kwenye mshahara, "unaweza kujadiliwa" peke yake haijazi safu. Taja kiwango cha chini na cha juu, useme ni kabla au baada ya makato, ndipo uongeze kwamba uko tayari kujadiliana. Kiwango cha chini kiwe kile ambacho ungekikubali kweli, maana ndicho kitakachoshikwa.

Tarehe ya kuanza huonekana rahisi, lakini mtu aliyeko kazini akiandika "wakati wowote" najiuliza notisi ataiacha wapi. Afadhali: "Natakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja, hivyo naweza kuanza siku 30 baada ya kupokea barua ya ajira."

Ukimaliza, mpe mtu tangazo na barua, umwombe apigie mstari kila jibu. Asilolipata mwenyewe, usimwonyeshe lilipo, liandike upya.