"Salio lake linashuka, huyo hana shida": dhana potofu zinazoharibu leja za vikundi

Kila nikiitwa kuangalia leja ya mikopo ya kikundi naambiwa sentensi ileile, tena kwa kujiamini kabisa: "Huyu tusimsumbue, salio lake linashuka kila mwezi." Jamani. Salio kushuka maana yake ni kwamba kuna hela imeingia, basi. Halikwambii kama imeingia ile iliyotakiwa wala kama imefika kwa wakati. Mtu anaweza kupunguza salio kila kikao huku malimbikizo, yaani hela ambayo tarehe yake imepita na hajaileta, yanapanda, na kikundi kizima kinampigia makofi.

Tuchukue mkopo mmoja tuufuate. Mwanachama amechukua 600,000 kwa miezi 6, riba ni 10% ya mkopo wote, kwa hiyo deni lake ni 660,000 na kila mwezi anatakiwa kurudisha 110,000. Miezi miwili ya kwanza analipa vizuri, wa tatu analeta 50,000, wa nne 60,000. Hivi ndivyo leja inavyosoma:

| Mwezi | Ilitakiwa | Amelipa | Salio | Malimbikizo |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo | | | 660,000 | 0 |
| 1 | 110,000 | 110,000 | 550,000 | 0 |
| 2 | 110,000 | 110,000 | 440,000 | 0 |
| 3 | 110,000 | 50,000 | 390,000 | 60,000 |
| 4 | 110,000 | 60,000 | 330,000 | 110,000 |

Ukifunika kolamu ya mwisho kwa kidole unaona mtu mzuri sana, kalipa kila mwezi na kamaliza nusu ya deni kamili. Ukiifunua unaona kwamba theluthi mbili ya muda imeshakwisha na yeye yuko nusu, anadaiwa rejesho zima, na ili amalize kwa tarehe ya mkataba inabidi miezi miwili iliyobaki alete 165,000 kila mwezi, mtu ambaye juzi 110,000 ilimshinda. Salio linajibu swali la "bado kiasi gani mpaka deni liishe", malimbikizo yanajibu "mpaka leo yuko nyuma kiasi gani". Ni maswali mawili tofauti na moja haliwezi kujibiwa na namba ya mwenzake.

Sasa kwa nini vikundi vingi hawayaoni malimbikizo hata wakitaka? Kwa sababu leja yao inaandikwa hela ikija tu. Hapo ndipo huwa nakosa uvumilivu, maana kosa liko kwenye shiti yenyewe na watu wanaenda kumlaumu mweka hazina. Endelea na mfano wetu: mwezi wa tano yule bwana hakutokea kabisa. Hakuna aliyeleta hela, kwa hiyo hakuna mstari ulioandikwa, na leja imeganda palepale mwezi wa nne inasema salio 330,000, malimbikizo 110,000. Ukweli ni kwamba mpaka siku hiyo alitakiwa awe amelipa 550,000 na amelipa 330,000, yuko nyuma 220,000. Yaani asiyekuja kabisa anaonekana ana nafuu kuliko aliyekuja na kidogo!

Dawa yake ni ndogo. Siku mkopo unapotoka, andika mistari yote 6 palepale, tarehe na kiasi kinachotakiwa, hata kama kolamu ya malipo iko tupu. Siku ya kikao unajaza alicholeta, asipokuja unaandika 0 kwa mkono wako, usiache wazi, maana seli tupu hakuna anayejua kama hajalipa au mwandishi alisahau. Kisha soma malimbikizo kwenye mstari wa tarehe ya leo, siyo mstari wa mwisho wa shiti, kwa sababu ile ya chini bado haijafika. Kama A ni tarehe, B ilitakiwa, C amelipa, D salio na E malimbikizo, na deni lote limeandikwa D2, fomula ni hizi tu halafu unazivuta kwenda chini:

```
D3: =D2-C3
E3: =SUM(B$3:B3)-SUM(C$3:C3)
```

E ikitoka na alama ya kutoa mbele, mtu amelipa mbele ya ratiba, iache hivyohivyo. Nakutana na wajanja ambao hawaipendi ile alama, wanaandika `=MAX(0,E2+B3-C3)` ili isomeke sifuri, na hapo wanamfutia mtu haki yake. Mwanachama akileta 200,000 mwezi wa kwanza, ziada ya 90,000 inamezwa, halafu mwezi wa pili akileta 20,000 leja inamtangaza ana malimbikizo ya 90,000 wakati hadaiwi kitu, ameshatimiza 220,000 yake. Watu wamegombana vikaoni kwa ajili ya fomula kama hiyo.

Kuna na dhana pacha ya ile ya salio kushuka, kwamba kilicho hatarini ni yale malimbikizo peke yake. Kwenye mikopo midogo mkopo ukiwa na rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30, kinachohesabiwa hatarini ni salio lote lililobaki, siyo kipande kilichochelewa. Na kuchelewa kunahesabiwa kuanzia rejesho la zamani zaidi ambalo halijatimia. Yule wetu amelipa jumla 330,000, inatosha marejesho matatu, kwa hiyo anachodaiwa cha zamani ni la mwezi wa nne. Mwezi wa tano ukishapita bila kitu, usiripoti 220,000, ripoti 330,000 yote, kwa sababu aliyeshindwa kulipa iliyopita hana dalili ya kulipa ijayo.

"Tumpe mkopo mpya afute wa zamani, malimbikizo yatakwisha." Yatakwisha kwenye karatasi. Hela kwenye kisanduku haijaongezeka hata senti, na deni limekua. Mkifanya hivyo, basi kwenye maelezo ya mkopo mpya andikeni kwamba umefuta wa zamani na ulikuwa na malimbikizo kiasi gani.

"Faini ni hela pia, ijumlishe kwenye rejesho." Hapana, ipe kolamu yake. Akileta 115,000 ambayo 5,000 ni faini, kwenye C inaingia 110,000, vinginevyo deni linapungua kwa hela ambayo haikuwa ya deni.

"Nimekosea, nafuta mstari naandika upya." Kwenye Excel ukifuta mstari mzima, D ya mstari unaofuata imepoteza ile seli iliyokuwa inaisoma, inakuletea `#REF!` na zote za chini zinaifuata. Acha mstari wa kosa, ongeza mwingine chini yake wenye kiasi kilekile na alama ya kutoa kwenye C, weka maelezo, kisha andika sahihi kwenye mstari unaofuata. Mistari hiyo miwili B yake iache tupu, halafu vuta upya fomula za D na E kutoka mstari wa kosa kwenda chini, maana D iliyokuwa chini bado inausoma mstari wa kosa na kuiruka hiyo mipya.

Na ile ya "kompyuta haikosei". Mtu kaandika 110000/= kwenye kolamu ya malipo kama alivyozoea daftarini. Hiyo kwa Excel siyo namba, ni maandishi. D itapiga kelele na `#VALUE!` angalau utashtuka, lakini `SUM` ya kwenye E inaruka seli hiyo kimyakimya na mtu aliyelipa kihalali anasomeka hajalipa. Namba ya kweli, kama hujagusa mpangilio wa seli, inalala upande wa kulia, maandishi yanalala kushoto. Kabla hujamsomea mtu malimbikizo yake mbele za watu pitisha jicho kolamu ya C kutoka juu hadi chini, ukiona kiasi kimelala kushoto kirekebishe kwanza.