Kwa nini tunaandika "wazi na bayana"?

Kwa nini barua na ripoti zimejaa "wazi na bayana", "safi na nadhifu", na nikitaka kupunguza nitajuaje neno lipi libaki?

Mara nyingi maneno hayo mawili hayalingani upana. La kwanza ni pana, ndiyo maana huja upesi. Mwandishi akiona halijashika anachotaka, huongeza la pili lililo jembamba zaidi, kisha husahau kurudi kulifuta la kwanza. Libaki jembamba.

Tazama "wazi". Mlango uko wazi, kiti kiko wazi, kikao ni cha wazi, maelezo yako wazi: neno moja, kazi nne. "Bayana" haina mizunguko hiyo. Ni ndugu wa "baini" na "bainisha", na husemwa kwa jambo lililopambanuka hadi likajulikana. Huwezi kusema mlango uko bayana. Kwa hiyo ukiandika "sababu za kuchelewa ni bayana", umekwisha kusema kila kitu ambacho "wazi" ingesema hapo. "Safi na nadhifu" ni vivyo hivyo. Chumba kinaweza kuwa safi, hakina vumbi wala harufu, huku nguo zimetawanyika kitandani; hicho si nadhifu. Lakini chumba nadhifu ni lazima kiwe safi. Neno la pili limelibeba la kwanza tumboni.

Hapo ndipo kipimo kinapotoka: tafuta kitu kimoja ambacho ni hiki bila kuwa kile, kisha geuza. Ukikipata upande mmoja tu, kata neno pana. Ukikosa pande zote mbili, kata lolote. Ukikipata pande zote, usiguse. Katika mkataba wa nyumba, "ukarabati na matengenezo" yanafanana, lakini kujenga upya ukuta uliobomoka ni ukarabati, na kusafisha mifereji kila baada ya muda ni matengenezo. Anayekata moja hapo amempunguzia mtu wajibu bila kujua. Kosa la upande wa pili nalo lipo: msomaji wa mkataba huchukulia kwamba kila neno limewekwa kwa sababu, hivyo jozi isiyo na tofauti humfanya atafute wajibu wa pili ambao haupo, na ugomvi huanzia hapo.

Sifa zikirundikana tatu au nne, kipimo hicho hakitoshi. Hii ni sentensi ya aina ninayokutana nayo sana ninapohariri:

"Kamati itaandaa mpango imara, thabiti na madhubuti wa kutoa taarifa za mapato kwa njia iliyo wazi na inayoeleweka."

Nianze na zile tatu za mwanzo. Jiulize kama kuna kamati duniani ingeahidi mpango legelege. Hakuna, basi kuahidi ulio imara si kuahidi lolote. Zifute zote tatu na sentensi haipotezi kitu.

"Wazi na inayoeleweka" ni habari nyingine, na wengi hukosea hapa kwa kukata haraka. Hesabu zinaweza kubandikwa ukutani kila mtu azione, na bado asiyejua uhasibu asiambulie kitu. Muhtasari rahisi kabisa nao unaweza kufungiwa kabatini. Moja ni ruhusa ya kuona, nyingine ni wepesi wa kuelewa, zote zibaki. Ila "wazi" bado ina mashaka: wazi kwa nani, wapi, lini? Kamusi haiwezi kujibu hilo. Inabidi kumwuliza aliyeandika. Tuseme amejibu kwamba ni kwa wanachama wote, kwenye ubao wa matangazo, kila mwezi. Sasa sentensi inakuwa:

"Kila mwezi kamati itabandika ubaoni mapato ya chama, kwa lugha ambayo kila mwanachama ataielewa."

Maneno 18 yamekuwa 14, lakini faida kubwa haimo katika hesabu hiyo. Sentensi ya kwanza haikuwa na siku wala mahali, na sifa zilikuwa zimeziba pengo hilo lisionekane. Kitenzi "itabandika" kimefanya kazi ambayo "wazi" ilishindwa.

Kuna jozi nisizozigusa. "Hali na mali" na "dhahiri shahiri" zimekwisha kuwa usemi mmoja. Ukizipasua, mdundo unakufa na maana inapungua. Hotuba nayo ina ruhusa yake, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena, na neno la pili humpa nafasi ya kulishika la kwanza. Shida huanza hotuba hiyohiyo inapochapwa kuwa ripoti bila kuguswa.