Kutoa DNA ya majani kwa CTAB: dhana potofu na ukweli

Dhana: CTAB hunasa uchafu wenyewe, mradi iwemo kwenye bafa.

Ukweli ni kwamba kinachoamua inanasa nini ni chumvi. CTAB ni sabuni yenye chaji chanya, na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo chumvi ikiwa kidogo vinashikana na kuzama pamoja. Kwenye NaCl ya 1.4 M, sodiamu huikinga DNA, nayo hubaki imeyeyuka. Hapo CTAB hushikana na polisakaridi nyingi na protini, na klorofomu inapoongezwa mchanganyiko huo hukusanyika kati ya tabaka mbili.

Ndiyo maana majani mengi mno huharibu kazi. Ukitia mililita 0.5 za bafa kwenye majani yanayotoa maji mililita 0.5, chumvi hushuka hadi 0.7 M, mpakani kabisa pa kuipoteza DNA. Usiweke bafa hii kwenye barafu pia, maana CTAB huganda ikipoa.

Dhana: rangi ya kahawia itaondoka kwa klorofomu.

Haiondoki. Seli zikipasuka, polifenoli hukutana na oksijeni na kugeuka kwinoni, ambazo hujifunga kwenye DNA kwa kudumu. Kinga huwekwa mwanzoni: PVP ya asilimia 1 hadi 2 hushika polifenoli, na mekaptoethanoli kidogo, inayotiwa muda mfupi kabla ya kutumia, huzuia oksidisho. Unga wa majani uliosagwa kwa nitrojeni ya maji usiachwe uyeyuke kabla haujaingia kwenye bafa yenye joto la nyuzi 60 hadi 65.

Dhana: kipimo cha 260/280 kikiwa 1.8, DNA ni safi.

Hii ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi. Uwiano huo huonyesha zaidi protini. Polisakaridi karibu hazionekani hapo. Tazama 260/230, ambayo inapaswa kukaribia 2, na tazama DNA yenyewe: ikivutika kama ute kwenye ncha ya pipeti, sukari bado zimo.

Jaribio la kuaminika ni kuzimua. Tuseme sampuli ya 1.8 haitoi bendi yoyote kwenye PCR, lakini ikizimuliwa mara 10 bendi inatokea vizuri. DNA imepungua na jibu limepatikana, kwa hiyo kulikuwa na kizuizi kilichokikwamisha kimeng'enya. Kwa sampuli hiyo ya mikrolita 100, ongeza mikrolita 50 za NaCl ya 5 M, kisha mikrolita 300 za ethanoli. Kwenye chumvi nyingi hivyo DNA huzama, na sehemu kubwa ya polisakaridi hubaki juu na kumwagwa. Osha kwa ethanoli ya asilimia 70 ili chumvi itoke.

Njia hii haiokoi DNA iliyokwisha kuwa ya kahawia. Hiyo itupwe, uanze upya kwa majani machanga.