Kusafisha matini ya Kiswahili iliyoskaniwa: usiharakishe kuunganisha mistari

Kazi yangu ni kuhariri vitabu na magazeti ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha kompyuta ikayasoma na kuyageuza kuwa maandishi. Matini hufika kwangu ikiwa na maneno ya ajabu, sentensi zilizokatika na nukta pasipostahili. Watu wengi huanza kwa kusahihisha kila kinachoonekana kibaya, wakimaliza wanaona kazi imekwisha. Lakini neno lililoharibika waziwazi kama "rnto" halimdanganyi mtu. Linaloniumiza kichwa ni kosa lililotua juu ya neno jingine la Kiswahili, likakaa pale kimya kana kwamba mwandishi ndiye aliyeliandika.

Tazama kipande hiki. Nimekitunga mwenyewe, ila makosa yaliyomo ni ya aina ninazokutana nazo kila siku.

```
Katika kame ile watu wa pwani walije-
nga nyumba za mawe. Mzee alimpa ha-
bari hizi, akamambia kwamba
atasahau siku aliyoona ng ombe
wake wakivuka rnto.
```

Msomaji mwenye haraka ataunganisha "walije-nga" na "ha-bari", atarudisha "mto" na "ng'ombe", atageuza "akamambia" kuwa "akamwambia", kisha ataendelea na ukurasa unaofuata. Matini yake itasomeka vizuri, nayo itakuwa imepotoka mahali panne. Kilichochapishwa kwenye kitabu ni hiki: "Katika karne ile watu wa pwani walijenga nyumba za mawe. Mzee alinipa habari hizi, akaniambia kwamba hatasahau siku aliyoona ng'ombe wake wakivuka mto."

Tuanze na "kame". Herufi r na n zikibanana, programu huziona m, na ndivyo m nayo inavyoweza kutoka kama rn. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili yenye rn ni machache mno, wahariri wengi huamuru kompyuta ibadilishe kila rn kuwa m kwa mkupuo mmoja. Amri hiyo inasahihisha "rnto" na "rntoto", halafu inaigeuza kila "karne" iliyosomwa sawasawa kuwa "kame". Na "kame" ni neno halali, hivyo kikagua tahajia hakitalipigia mstari. Tafuta rn, ndiyo, lakini pitia moja moja. Baada ya hapo tafuta "kame" na uangalie limekaa wapi. Kivumishi hiki kinahitaji nomino mbele yake, kama katika "nchi kame". Ukikikuta baada ya "katika", au kikifuatwa na "ya 19", hiyo ni karne.

Sasa tuje kwenye "alimpa" na "akamambia", ambapo ndipo penye hatari kubwa. Wino ukitanuka kidogo kwenye karatasi, nukta ya i hufifia, na mguu wake hugusana na n iliyo kushoto. Programu inaona miguu mitatu iliyosimama pamoja, inaandika m. Katika lugha nyingine pengine hilo lingezaa takataka tu. Kwetu sisi "ni" na "m" ni viambishi vya nafsi: "alinipa" ikawa "alimpa", "nikaona" ikawa "mkaona", "ananipenda" ikawa "anampenda". Sentensi inabaki na sarufi kamili huku aliyetenda au aliyetendwa akiwa amebadilika. Katika kumbukumbu za mtu anayesimulia maisha yake, makosa machache ya namna hii yanatosha kumtoa msimulizi ndani ya habari yake mwenyewe.

Bahati nzuri kosa hili huacha alama likiangukia mbele ya irabu. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakikai kama m tupu mbele ya a, e au i; huwa mw, ndiyo maana tunasema "akamwambia". Kwa hiyo "akamambia" ina njia mbili za kurudi kwenye usahihi: ama w ilidondoka, ama "ni" ilisomwa "m". Anayeandika "akamwambia" bila kutazama picha amechagua njia moja kwa kubahatisha, na katika kipande chetu amechagua isiyo sahihi. Mimi huanza kwa kuzitafuta zote:

```
grep -nE "(li|ka|me|na|ta|ki)m[aei]" kitabu.txt
```

Amri hii itakuletea mengi yasiyo na kosa lolote, kama "alimaliza" na "akameza". Yaruke. Yanayobaki, kila moja lifungulie picha ya ukurasa na uikuze hadi uone miguu ya herufi. Katika m ya kweli, tao linaunganisha mguu wa pili na wa tatu kwa juu. Katika "ni" kuna uwazi mwembamba mahali hapo, na mara nyingi kivuli cha nukta bado kipo juu ya mguu wa mwisho hata kama programu haikukiona.

Ukishathibitisha kwamba "akamambia" ilikuwa "akaniambia", rudi nyuma kwenye kitenzi kilichotangulia. Mzee ni yule yule, anayeambiwa ni mimi, basi "alimpa" alipewa nani? Hakuna mtu wa tatu aliyetajwa. Hapo hakuna amri ya kompyuta itakayokusaidia. Inabidi usome aya ukiwa na swali moja kichwani: nani anamtendea nani? Mtu asiyetajwa popote akichomoza ghafla ndani ya kitenzi, fungua picha.

Kosa la nne ni "atasahau". Herufi h imetoweka, na pamoja nayo ukanushi wote. Mzee aliyeapa kutosahau sasa anatabiri kwamba atasahau. Hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo lililo katika kichwa cha habari. Angalia neno hilo limekaa wapi: mwanzo wa mstari. Kitabu kinene kikiskaniwa bila kufunguliwa vizuri, karatasi hujikunja karibu na mshono, na herufi za kwanza za baadhi ya mistari huzama kwenye kivuli au hukatwa kabisa. Kosa hilo haliji peke yake. Katika ukurasa huohuo utakuta mstari mwingine unaanza na "akuna" na mwingine unaanza na "tu walikimbia". Hizo mbili ni ushahidi kwamba ukingo wa kushoto umeliwa, na kwamba "atasahau", ambayo kwa macho haina kasoro, nayo inastahili kushukiwa.

Ushahidi huo unaupata tu kama mistari bado imekaa kama ilivyo kwenye ukurasa. Ukishaunganisha mistari yote kuwa aya ndefu, "atasahau" inakuwa neno la katikati kama mengine, na huna tena sababu ya kulitilia shaka. Wengi huunganisha mistari kama hatua ya kwanza, kwa sababu ni rahisi na matini inapendeza mara moja. Mimi naiweka mwisho kabisa. Kwanza nakagua miisho na mianzo ya mistari dhidi ya picha, hasa maneno yanayoanza na a, ambayo yangeweza kuwa yalianza na ha. Nikimaliza ndipo naunganisha. Katika kihariri kinachokubali ruwaza, maneno yaliyokatwa kwa kistari yaunganishe kwa kutafuta hiki na kubadilisha kwa `$1`:

```
-\r?\n([a-z])
```

Angalia tu maneno ambayo mwandishi mwenyewe aliyatia kistari. Katika vitabu vya zamani "pole-pole" inaweza kuwa ndiyo tahajia yake, na ikivunjika mwishoni mwa mstari, amri hii itakifuta kistari hicho. Kama kitabu kilichapishwa kabla tahajia haijasanifiwa, kazi iliyoanza kusimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, usikivalishe Kiswahili cha leo. Kurudisha kilichochapishwa ni kazi moja, kusanifisha tahajia ni nyingine, nazo zikichanganywa hakuna atakayeweza kuzitenganisha baadaye.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie kikagua tahajia tu. Nakitumia, ila kwa Kiswahili kinachosha. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko, kwa hiyo maumbo yake ni maelfu, na orodha ya maneno ya kikagua haiwezi kuyabeba yote. Kinapigia mstari vitenzi vizuri kabisa, huku "kame" na "alimpa" zikipita. Kipimo kinachonifaa zaidi ni umbo la silabi. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, hivyo neno linaloishia na konsonanti linastahili kuangaliwa:

```
grep -nE "[bcdfghjklmnpqrstvwxyz]( |$|[.,;:])" kitabu.txt
```

Utapata majina ya watu kama Salim na Hassan, na mikopo kama "takriban" na "maalum". Baada ya hayo utapata vipande vya maneno yaliyokatika, pamoja na "ng" iliyopoteza ritifaa yake katika "ng ombe". Vivyo hivyo tafuta q, x, na c isiyofuatwa na h; nje ya majina ya kigeni, Kiswahili sanifu hakina haja nazo. Kuhusu ritifaa ya ng', irudishe kwa kutazama picha. "Ngoa" na "ng'oa" zote ni maneno.

Makosa haya hupungua sana ukiilisha programu vizuri tangu mwanzo. Skani kwa dpi 300 au zaidi, na uiambie lugha ni Kiswahili. Kwenye programu ya Tesseract amri ni hii:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa
```

Usipotaja lugha, itasoma kwa mazoea ya Kiingereza, na pale herufi zinapofifia itavuta maneno upande huo. Ukurasa wa gazeti wenye safu mbili, ukiona sentensi zinaingiliana, zikate safu ziwe picha mbili kabla ya kusoma.

Tarakimu hazina sarufi ya kuzilinda. Mwaka 1938 ukisomwa 1933 hakuna upatanisho utakaopiga kelele, kwa hiyo kila tarakimu naihakiki kwenye picha, hata zile zinazoonekana safi. Mahali pasiposomeka naweka [?] na kuendelea, sijazi kwa kukisia.

Na kama matini hiyo inakwenda kutafsiriwa kwa mashine, ikae kwanza hadi usafishaji uishe. Mashine ya tafsiri ikipokea "Mzee alimpa habari hizi" itaitoa sentensi nzuri, yenye mtu wa tatu ambaye hakuwahi kuwapo. Ikipokea "akamambia" itachagua maana moja yenyewe na kuiandika kwa ufasaha. Ile m iliyogoma mbele ya irabu, iliyokuwa dalili yako pekee, haitakuwapo kwenye tafsiri. Ukiletewa tafsiri ya namna hiyo uisafishe, omba kwanza picha za kurasa. Ukikosa, omba walau matini ya skani yenye mistari yake.