Kipande cha khanga mfukoni, kwa mtoto anayeogopa kuanza darasa la kwanza

Kila Desemba wazazi wananiuliza swali lile lile, mtoto anaanza darasa la kwanza Januari na ana wasiwasi, nimnunulie nini? Wengi wanakuwa wameshapita Kariakoo, begi la kuburuta lipo, mkebe upo, chupa ya maji yenye katuni ipo, na bado usiku mtoto anauliza "mama, kweli utakuja kunichukua?" Hapo ndo penye shida yenyewe. Begi linamfurahisha sawa, ila halimjibu swali lake.

Kazi yangu ni ushauri wa kisaikolojia kwa watoto, na zawadi ninayoipendekeza kuliko zote ni kipande cha khanga ya mama, au ya bibi, au fulana ya baba, yani yule ambaye mtoto akiumia anamkimbilia. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alishalieleza jambo hili tangu 1951, kwamba mtoto hushika kitu laini kinachombebea mama wakati mama hayupo. Yeye aliwaongelea zaidi watoto wadogo kuliko hawa, ila mambo mawili aliyosema naona yanafaa kabisa hata kwa wa miaka sita: mtoto akichague mwenyewe, na msikifue ovyo, maana ile harufu ndo yenye kazi.

Chukulia mfano wa binti mmoja wa Mbagala, mama yake anauza chapati asubuhi. Mama alimwambia achague khanga, akachagua ile iliyochakaa ya kulalia, sio ile mpya ya sherehe, na mama kidogo aone aibu nikamwambia hiyo hiyo. Wakakata vipande viwili, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja cha mtoto, wakapinda pindo zisichanike. Wakalala navyo siku kadhaa. Kimoja kikashonwa ndani ya mfuko wa sketi ya shule kwa nyuzi chache tu, ili kisidondoke na wenzake wasikichukue wakamcheka, anaingiza mkono anakishika na hakuna anayejua. Sketi zilikuwa mbili, kwa hiyo siku ya kufua wanakifumua wanakihamishia ile nyingine. Cha pili mama alikifunga kwenye mkoba wake wa hela pale kwenye meza ya chapati.

Hiki cha pili wengi wanakiruka na mimi naona ndo nusu ya dawa. Jioni wakikutana kabla ya kitu kingine chochote wanavigusanisha, mtoto anaona kipande cha mama kimeenda kazini kikarudi, na chake kimeenda shule kikarudi. Hili wafanye nyumbani kabla shule haijafunguliwa, mama akienda sokoni, akienda kwa jirani, ili siku ya kwanza isiwe ndo mara ya kwanza.

Pale getini kuaga kuwe kufupi na kuwe vile vile kila siku. Binti yule anashika mfuko wake, mama anashika mkoba, mama anasema "ukishakunywa uji, ukacheza, kengele ya kutoka ikalia, dada yuko hapa kwenye mwembe", wanakumbatiana, mama anaondoka. Usimwambie saa sita na nusu, saa bado haijui, mwambie kitakachotangulia na kitakachofuata, na atakayetajwa ndo awe pale kweli. Akilia ondoka hivyo hivyo, mwalimu atampokea, ila usimtoroke akiwa anaangalia pembeni, ukitoroka mara moja kesho hatakubali hata kukuachia mkono. Na zile za "usipolia nakununulia aiskrimu" mi huwa nazikataa, zinamfundisha kuficha, analia ndani kwa ndani na wewe unadhani ameshazoea.

Mwalimu wa darasa aambiwe mapema kuna kitambaa mfukoni, asije akakichukua akidhani ni mchezo.

Utajuaje kinafanya kazi? Mwanzoni anakishika kila mara, halafu anakuja kukisahau, sketi inabadilishwa na haulizi. Msimkumbushe, mwacheni asahau. Ila kama wiki tatu nne zimepita na bado asubuhi ya shule tumbo linamuuma na Jumamosi haliumi, au ameanza tena kukojoa kitandani, khanga haitatosha hapo. Muulize jioni mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele mathalani, nani anakaa naye, nani anachapwa, choo kikoje. Choo hasa, wapo wanaobana haja toka asubuhi mpaka warudi nyumbani sababu choo ni kichafu au mlango haufungi, na kumbe hofu yote ya shule iko pale. Kama ni hivyo nenda shule ukaongee na mwalimu, ampangie mwenzake wa kwenda naye.